Kisikilizio Kisichojaa Chaji: Tazameni Kasha Kabla ya Kuilaumu Betri



Vile visikilizio vidogo visivyo na waya, ambavyo vijana wetu huviita eabadi au eapodi, vimekuwa miongoni mwa vyombo vya kila siku majumbani mwetu. Mwanafunzi husikiliza masomo yaliyorekodiwa, mama huzungumza na jamaa walio mbali huku mikono yake ikiwa jikoni, na mzee husikiliza darsa bila ya kuwaamsha waliolala. Malalamiko yanayotufikia juu yake, mara nyingi, ni ya namna moja: kimoja kinafanya kazi, cha pili kimekufa. Kisha hufuata hukumu ya haraka kwamba betri imekwisha, na jozi nzima hutupwa, ikanunuliwa nyingine.

Tunapenda kueleza leo kwamba katika mengi ya malalamiko hayo, kisikilizio ni kizima na aibu imo katika kasha lake. Bawaba ya kifuniko imelegea, au sumaku haivuti sawasawa, hivyo kisikilizio hakikai mahali pake na hakizigusi pini za kuchajia. Kimelala ndani ya kasha usiku kucha, na asubuhi kimeamka na njaa ile ile.

Tuanze na jinsi kasha linavyofanya kazi. Ndani yake mna betri yake yenyewe, na katika kila shimo la kukalia kisikilizio mna pini mbili au tatu ndogo za rangi ya dhahabu, zilizosimama juu ya springi nyembamba mno. Kisikilizio nacho kina vibati bapa vya rangi hiyo hiyo. Pini zikigusana na vibati, umeme hupita. Zisipogusana, haupiti hata kidogo, hata kama nafasi iliyobaki baina yao ni unene wa karatasi.

Kinachozigusanisha ni sumaku. Iko moja chini ya shimo, nayo huvutana na sumaku au kipande cha chuma kilichomo ndani ya kisikilizio. Iko nyingine kwenye ukingo wa kifuniko, kazi yake ni kukishika kifuniko kisifunguke. Katika makasha mengi, upande wa ndani wa kifuniko umechongwa ili ukizuie kisikilizio kisiinuke. Basi shimo huvuta kutoka chini, na kifuniko huzuia kutoka juu.

Sasa, nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kubwa kadiri vitu vinavyoachana. Nusu milimita ya uchafu chini ya kisikilizio yatosha kuudhoofisha mvuto, wakati ambao springi za pini nazo zinasukuma kwenda juu. Kwa hiyo, pale tunaposema kwamba sumaku imechoka, mara nyingi sumaku yenyewe ingali na nguvu zake. Kilichochoka ni gundi iliyoishika, ikasogea, au imetenganishwa na mwenzake kwa nta ya sikio iliyogandamana na vumbi na jasho.

Vipi basi mtu atajua kwamba ugonjwa ni wa kasha na si wa betri? Alama iliyo wazi zaidi ni asilimia inayoonekana kwenye simu mara tu visikilizio vitolewapo. Betri iliyochakaa hujaa kama kawaida: asubuhi itaonyesha 100, kisha itaporomoka ndani ya muda mfupi. Kisikilizio kilichokaa vibaya hutoka kasha tayari kikiwa chini, na tarakimu yake hubadilika ovyo, leo 20, kesho 100, keshokutwa hakiwaki kabisa. Kuyumba huko ndiko kunakoufichua ugonjwa, kwa kuwa kila usiku kinakaa kwa namna tofauti.

Alama ya pili huwashangaza wengi. Simu inaita, mtu anapokea, lakini hasikii neno. Sauti imekwenda kwenye visikilizio vilivyomo mfukoni, ndani ya kasha. Sababu ni kwamba visikilizio vingi hutambua kuwa vimo kasha kwa kuuhisi umeme wa pini. Kisipouhisi, hudhani kimetolewa, hujiwasha, na hujiunganisha na simu. Hivyo hakichajiwi, na juu ya hayo kinaitumia hata akiba kidogo kilichokuwa nayo.

Tutoe mfano mmoja tulioushuhudia. Binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa na jozi ambayo kisikilizio cha kulia kilidumu kiasi cha saa nne, na cha kushoto kilizimika baada ya dakika 40. Mzazi wake alikwisha kukubali kununua nyingine. Tulimwomba kwanza aandike, kwa asubuhi tatu, asilimia ya kila kimoja. Cha kulia kilisoma 100 siku zote. Cha kushoto kilisoma 30, kisha 10, kisha 100. Hapo tukaelewa kwamba betri haikuwa mshitakiwa wa kwanza.

Tulifungua kasha tukaligeuza juu chini, karibu kabisa na mto wa kochi. Kisikilizio cha kulia kilibaki shimoni, cha kushoto kikaanguka chenyewe. Kisha tukalifunga na kulitazama kwa ubavu. Kifuniko kilikuwa kimeinama upande mmoja, na kwa kushoto palibaki upenyo ambao kona ya karatasi iliweza kupita. Kijiti cha chuma kinachoishika bawaba kilikuwa kimechomoza nje kiasi cha milimita mbili.

Usiku ule binti alirudisha visikilizio, akavibonyeza kwa kidole, akafunga kasha, na kulizungushia rababendi moja isiyokaza mno. Asubuhi vyote viwili vilisoma 100, na cha kushoto kilidumu saa tatu na nusu. Jaribio la rababendi halina gharama, nalo ndilo linalotoa uamuzi. Kisikilizio kikijaa na kudumu, betri ni nzima na kasha ndilo la kutengenezwa. Kikijaa kisha kikazimika upesi kama zamani, basi betri kweli imechakaa, na kulitengeneza kasha hakutasaidia.

Matengenezo huanza na usafi. Chukueni kijiti cha pamba, kitieni spiriti kidogo ya dukani kwa dawa, kiasi cha kulowa bila kudondosha, mfute vibati vya kisikilizio na chini ya shimo. Subirini dakika kadhaa pakauke kabla ya kurudisha kitu. Kisha bonyezeni kila pini polepole kwa njiti ya meno ya mti: yapasa izame na kurudi. Iliyozama isirudi imeshikwa na uchafu, na tone dogo la spiriti pamoja na kuibonyeza mara chache huweza kuifungua. Msitumie sindano wala pini ya nguo. Pini hizo zina umeme wa kasha, na chuma kikizigusa mbili kwa pamoja huzikutanisha na huweza kuunguza sakiti. Tazameni pia vile vipira vya sikioni. Vikibadilishwa kwa vikubwa zaidi, hugota ukutani mwa shimo na kukiinua kisikilizio.

Bawaba ndiyo hufuata. Kijiti cha yule binti tulikirudisha kwa kukisukuma taratibu kwa upande wa kijiko, huku kifuniko kikiwa kimefunguka nusu, mpaka kikalingana na plastiki. Kifuniko kikanyooka. Ilipobainika siku chache baadaye kwamba kinatambaa tena kutoka, tone moja la gundi kali, lililochukuliwa kwa ncha ya njiti ya meno na kuwekwa kwenye ncha ya nje ya kijiti peke yake, lilitosha. Gundi ikiingia katikati ya bawaba, kifuniko hakitafunguka tena. Kazi hiyo ifanywe visikilizio vikiwa nje, na kasha liachwe wazi kwa saa kadhaa, kwa kuwa mvuke wa gundi hiyo huacha ukungu mweupe, nao ukitua juu ya pini huzuia umeme.

Ikiwa sumaku ya kifuniko ndiyo iliyong'oka, kuna jambo la kuangalia. Sumaku ina pande mbili, na ikirudishwa kinyume itakisukuma kifuniko badala ya kukivuta. Tena makasha mengi yana kihisi kinachotambua kufungwa kwa kifuniko kutokana na sumaku, hivyo iliyogeuzwa au kuwekwa mbali huweza kulifanya kasha lidhani liko wazi wakati wote. Iacheni kwanza sumaku ijishike yenyewe mahali inapovutwa kwenye ukingo wa kasha, wekeni alama ya kalamu kwenye uso unaotazama juu, na uso huo ndio utakaopakwa gundi kuelekea kifuniko.

Hapa tunawaomba wazazi watusikilize kwa makini. Sumaku iliyotoka ni ndogo kama punje ya mchele na ina nguvu kubwa. Mtoto akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, huvutana kutoka sehemu mbili za utumbo, hubana nyama iliyo katikati na kuitoboa. Mtoto aliyemeza apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama anacheza na hana maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni sumaku. Kasha lililovunjika halifai kupewa mtoto kuwa mchezo. Sumaku iliyong'oka na isiyorudishwa ifungwe kwa utepe wa gundi na iwekwe juu, mbali na mikono midogo.

Upo pia mpaka wa kazi ya nyumbani. Kasha likiwa limetuna, likipata joto lisilo la kawaida, au kifuniko kikikataa kufunga kwa sababu mwili wa kasha umefura, huo si ugonjwa wa bawaba. Ni betri ya ndani iliyovimba. Lisibanwe kwa rababendi, lisichajiwe, wala lisifunguliwe kwa kisu. Liwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha lipelekwe kwa fundi anayeaminika. Vilevile plastiki ya bawaba ikiwa imekatika kabisa, gundi haidumu hapo. Ulizeni kwa mafundi wa simu kama kasha tupu la aina ile ile linapatikana, kwani visikilizio vizima havina haja ya kutupwa pamoja nalo.

Na anayekwenda kununua jozi, mpya au iliyokwisha kutumika, afanye dukani yale tuliyoyafanya juu ya mto wa kochi. Afungue kasha aligeuze juu chini, kiganja kikiwa chini yake. Alitikise kwa upole. Alifunge na kutazama kama kifuniko kimelingana pande zote. Kisha atoe na kurudisha kila kisikilizio mara tatu, akitazama kama taa yake inaitikia kila mara. Taa ikiitikia mara mbili ikakosa ya tatu, ajue kwamba asubuhi zake zitakuwa hivyo hivyo, na alirudishe kasha hilo mezani kwa muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni.