Shilingi Moja Tu Namanga

Juzi nilivusha vitunguu Namanga, mtaji na nauli 1,930,000. Saa nne asubuhi nikapatana na mnunuzi Mkenya kwa 100,000 za kwao. Wabadilishaji wa barabarani walinunua kwa 20, kwa hiyo mkononi niliiona faida ya 70,000.

Lakini nililipwa jioni, gari lilipokwisha kushushwa. Bei imeshuka hadi 19! Nikapata 1,900,000: hasara 30,000, na vitunguu ni vilevile.

Halafu tunaambiwa shilingi yetu imara, tushangilie. Sawa, ila anayeuza nje ndiye anaumia. Tunadai benki mpakani zifunguliwe hadi jioni, na bei ibandikwe hadharani. Mchuuzi asibahatishe jasho lake.