Mwenye kununua iko Bulaya, mwenye kukula iko Katuba

Tangu mavuno, wanamemba wa koperative nyingi wananiuliza swali moja: tufanye namna gani ili wandugu wetu walio inje wanunulie wazazi wao unga yetu? Wengi wamekwisha kujibu wenyewe mbele ya kuuliza. Wanataka kufungua ukurasa ku Facebook, kuweka foto ya mifuko iliyopangwa vizuri, na kutuma tangazo mu magrupe ya Wakongomani wa Bruseli na wa Johannesburg. Mimi sikubaliane nayo. Matangazo hayo nimeyaona. Watu wanaandika "kuraji, wandugu", wanaweka kidole gumba, na hakuna mwenye kulipa.

Sababu haitoki kwa unga. Ile mutu iko Yeoville ao Matonge ya Bruseli amekwisha kuungua. Siku moja alituma pesa ya unga, ikageuka pesa ya matanga. Siku ingine alituma pesa ya simenti, akakuja kuona nyumba mu Annexe, akakuta fondasio na majani. Wakati anaona foto yetu, haulizi kama unga ni nyeupe. Anajiuliza: hawa ni nani, na mufuko utafika kweli kwa mama? Swali hiyo, koperative haiwezi kuijibia yenyewe. Mwenye kuijibu ni mama.

Wakenya walifahamu jambo hili zamani. Mwanzo wa miaka ya 2000 kulikuwa kazi ya biashara iliyoitwa Mama Mike's: Mukenya wa Amerika ao Ulaya alilipa kwa enterneti, na familia yake kule nyumbani ikapata vocha ya kununua vitu mu supamaketi. Supamaketi ilikuwa pale karibu, kila mutu aliweza kuingia. Kitu kilichouzwa kabisa ni ile hakika kama pesa ya chakula itakuwa chakula. Sisi pia, mama wa Katuba anaweza kununua unga ku duka la karibu. Mutoto wake hatatulipa sisi juu ya unga tu.

Kwa hiyo nasema: musianzie Bulaya, muanzie Katuba. Kila koperative iko na wamama wa mujini wanaonunua mufuko wa kilo 25 kila mwisho wa mwezi. Mwenye kuwapelekea aulize polepole, kwa heshima: "Mama, nani anakusaidiaka na unga?" Wengine watajibu ni bwana, ao ni mushahara yangu. Wengine watasema: "Ni mutoto yangu wa Johannesburg njo anatumaka." Huyu njo wetu. Lakini usimulombe namba ya mutoto. Mupe karatasi ndogo yenye jina la koperative, namba moja ya WhatsApp na bei, na mama mwenyewe amuite mutoto. Mutoto aandike wa kwanza.

Hii si heshima tu, iko na sababu ya telefone pia. WhatsApp iko na kitu kinachoitwa liste ya kutuma: unaandika ujumbe mara moja, unafikia watu mpaka 256, kila mutu anaupata kama barua yake peke yake. Lakini unafika tu kwa yule aliyeandika namba yako mu repertwari yake. Ukikusanya namba za watu wasiokujua, unatuma, unaona umetuma, kumbe haikufika kwao. Mutoto aliyeambiwa na mama yake ataandika namba. Na musifungue grupe ya wanunuzi. Mu grupe kila mutu anaona namba ya mwenzake, na siku mufuko moja unachelewa, watu mia moja wanasoma kilio cha mutu moja.

Wakati wa kutuma ujumbe unafuata mushahara. Afrika ya Kusini wengi wanalipwa karibu na tarehe 25, Ubelgiji ni mwisho wa mwezi. Johannesburg saa ni sawa na yetu mwaka muzima. Bruseli ni sawa wakati wa joto yao, na wakati wa baridi wako nyuma yetu saa moja. Tuma mangaribi, wakati mutu ametoka kazi. Mara moja kwa mwezi inatosha, na maneno machache, kama vile: "Yaya, unga ya mwezi ujao iko. Mufuko ya kilo 25, bei ni hii, kufikisha ndani. Tunafunga liste tarehe 30, mama atapata siku ya posho." Ile tarehe ya kufunga ni ya lazima, na hapa njo koperative nyingi zinaanguka.

Tufanye hesabu. Tuseme kamiyo ndogo kutoka depo yenu ku barabara ya Kasenga mpaka mujini, kuzunguka na kurudi, inawalomba dolari 60. Kama iko na mifuko 40, kila mufuko unabeba dolari 1 na nusu ya njia. Kama iko na mifuko 6, kila mufuko unabeba dolari 10, na faida yote imekwisha. Tena mifuko 40 hiyo inafaa kuwa ya jirani na jirani. Tangazo la Facebook, hata likifaulu, linakuletea muteja moja wa Ruashi, moja wa Kampemba, moja wa Kipushi na moja wa Likasi. Umepata wateja wanne, na kila moja anakukulisha hasara. Mama wa Katuba anakuletea jirani yake wa Katuba, ambaye mutoto wake iko Lusaka. Kwa hiyo muchague komine moja, muijaze, halafu muende ku ingine.

Sasa malipo. Kutuma pesa kuja Afrika yetu ni bei kali. Banki ya Dunia inahesabu kama dolari 200 zinakula karibu 8 kwa mia ya gharama, na pesa kidogo inaweza kukulwa zaidi, sababu gharama zingine hazipunguki na pesa. Mutu anayelipa mifuko mbili kila mwezi anapoteza kila mwezi. Ni vizuri kumuachia alipe miezi tatu mara moja. Konti ya M-Pesa ao ya Airtel Money iwe kwa jina la koperative, hapana la prezidenti wala la bibi yake, sababu mwenye kutuma anaona lile jina mbele ya kubonyeza.

Lakini miezi tatu, musipite pale, na tena kwa mifuko iliyo mu depo tu. Mukumbuke 2024: Zambia ilitangaza ukame kuwa musiba wa taifa mwezi wa pili, na jimbo letu linakula mahindi mengi ya kule. Koperative iliyokula pesa ya watu mbele, bila mahindi yake, ingenunua kwa bei ya njaa ili kutoa kwa bei ya mavuno. Hesabu mifuko, toa ile ya wanamemba kula na ya mbegu, na inayobaki njo unaweza kuuzisha mbele.

Siku ya kufikisha, kazi ya kweli inaanza. Mufuko upimwe mbele ya mama na mizani ya kuning'iniza, ufunguliwe, atie mukono, anuse. Akishakubali, achukue telefone yake mwenyewe na kutumia mutoto odio: "Mwana yangu, unga imefika, kilo yake iko sawa, aksanti." Hiyo odio ya nukta kumi inashinda foto mia moja. Mutoto anajua sauti ya mama yake. Kama hana telefone, mwenye kufikisha amupe yake, na odio ifutwe nyuma ya kutumwa.

Prezidenti moja alinibishia: "Agronome, tukipiga foto ya mama na mufuko, tukaiweka ku statusi, wateja watatoka wapi kama si pale?" Ninamusikia, lakini foto hiyo ni mbaya. Inaonyesha mutaa muzima kama huyu mama anakulishwa na mutoto. Mangaribi wandugu watakuja na bakuli, na wengine wataanza kumuuliza mutoto juu ya shule ya watoto wao. Mama hatasema kitu kwetu. Atamuambia mutoto tu: "Tuma pesa kama zamani." Na sisi hatutajua tulimupoteza juu ya nini.

Ni ile kunyamaza njo inayonitisha kupita yote. Mutu aliyejinunulia unga mubaya anarudi nayo ku duka na makelele. Mutu aliyepewa anaona haya kulalamika, anaona ni kama kukataa zawadi. Kosa linapita Johannesburg mbele ya kufika kwetu.

Ilitupata mwezi wa kwanza, mu koperative moja ninayoifuata. Mvua ilikuwa nyingi, mahindi ya nyuma yalisagwa bila kupimwa. Siku ya kufikisha unga ilionekana vizuri, odio zikatumwa, sisi tukafurahi. Siku ya tatu nilimuita mama moja kwa simu, kwa kumusalimia tu. Nikauliza, "Mama, bukari iko namna gani?" Akanyamaza, halafu akasema, "Iko tu, baba." Nilifahamu. Nilipofika kwake, unga ndani ya mufuko ilikuwa imeshikana mabonge, ya katikati iko na joto, na harufu inaanza kuwa chachu. Mahindi yalisagwa na maji ndani.

Kutoka siku ile tuko na sheria mbili. Ya kwanza, mbele ya kusaga, tunapima na chumvi: chupa ya glasi kavu, chumvi kavu, mahindi mpaka kiasi cha sehemu moja ya tatu ya chupa, unatikisa dakika moja, unaacha itulie. Chumvi ikishikana ku glasi, mahindi yako na maji kupita 15 kwa mia, yarudi ku jua. Ya pili, siku ya tatu kila mama anaitwa kwa simu, na hatuulizi kama unga ni nzuri, maana atasema ndiyo. Tunauliza kama bukari ilishikana vizuri na kama alibakisha kwa mufuko.

Tulikuwa tumetoa mifuko 14 kutoka kusaga kule. Tuliirudisha yote, hata ya wale waliosema hakuna neno, na siku ya sita ingine ikafika. Mbele ya hapo niliandikia kila mutoto mwenyewe, nikasema mahindi hayakukauka na kosa ni letu. Wawili walikuwa wamekwisha kupata habari kwa mama, na moja kati yao hakujibu tena. Ule mwingine angali ananunua, lakini sasa analipa mwezi moja moja, hapana tatu.