Kinywaji cha Harusi Geita: Msimseme Kaka wa Kaunta!

Wadau, kuna harusi ya hapa Geita, bi harusi kataka kinywaji chao spesho. Kaka wa kaunta hotelini akachanganya Konyagi mililita 60, maji mazito ya ukwaju 30 na shira ya sukari 20. Kaonja kwa kijiko, tamu balaa! Bi harusi kaletewa glasi yenye barafu, kakunja uso: "Kaka, mbona chachu hivi?"

Jamani, hakukosea vipimo, alikosea kuonja. Kitu kikiwa baridi, ulimi hauusikii utamu vizuri, ila uchachu unabaki palepale. Akapandisha shira hadi 40. Mezani kikapata joto kidogo, kikawa kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Mara ya tatu akatikisa na barafu kwanza, ndipo akaonja, akiongeza shira tano tano. Akatulia kwenye 30, na chembe ya chumvi.

Kesho yake kaloweka ukwaju mwingine, uchachu ukabadilika! Ukwaju haufanani. Ikabidi aloweke wote wa harusi kwa pamoja, achuje kwenye ndoo moja, ndipo apime.

Mimi nasema hivi: kamati zinazoonja vinywaji vya moto ofisini saa nne asubuhi, halafu ukumbini zinamsema mhudumu, zinamwonea. Onjeni kikiwa baridi, kisha kiacheni dakika kumi, muonje tena. Kikipita mara zote mbili, hicho ndicho. Au nadanganya?