Usizike nguzo ya mbao kwenye kikombe cha zege

Leo naongea na wale wenzangu mnaouza mtandaoni lakini mzigo mnautunza uani nyumbani. Mimi nauza maua na miche kwenye vyungu. Mteja anaona picha, anaagiza, bodaboda anapeleka. Dukani kwangu ndiyo hapo uani Kigamboni, na adui yangu namba moja si mshindani, ni mbuzi wa mtaani. Mbuzi akiingia dakika kumi, oda za wiki nzima zimeliwa.

Kwa hiyo nilijenga uzio wa mbao. Ulipendeza, hata picha zangu nyingi nilikuwa napigia hapo hapo, mbao zikiwa nyuma ya maua. Masika ya pili yalipoisha, upepo mmoja tu wa usiku ukaulaza upande mzima juu ya vyungu. Asubuhi nimekuta mbuzi watatu wanakula mboga za bure.

Fundi aliyenijengea nilimpigia simu, akaniambia, "Dogo, zege lilikuwa kidogo. Safari hii tunaongeza." Mimi nikamjibu sawa kaka, ila ngoja kwanza ning'oe nione. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho naona watu wengi wanakosea, mafundi wakiwemo.

Nguzo zote zilikatika sehemu moja, pale mbao inapotoka ardhini. Juu ilikuwa nzima kabisa. Kipande cha chini kabisa, kile kilichozikwa futi mbili, kilikuwa kimelowa lakini kigumu, msumari ulikuwa hauingii. Ila pale usawa wa ardhi, kama inchi nne juu na chini yake, mbao ilikuwa imekuwa kama keki. Unaichota kwa kidole.

Sababu yake ni hii. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu anataka vitu viwili kwa pamoja, unyevu na hewa. Juu kuna hewa lakini mbao inakauka upesi. Chini kabisa kuna maji lakini hewa ni kidogo. Pale usawa wa ardhi vyote viwili vipo mwaka mzima, na kwangu mimi ninayemwagilia maua asubuhi na jioni ndiyo kabisa.

Sasa zege linaingiaje hapo? Fundi alichimba shimo, akamwaga zege chini, akasimamisha nguzo juu yake, akaizungushia zege pembeni mpaka usawa wa ardhi. Yaani alitengeneza kikombe. Zege likiwa bichi mbao inanyonya maji na kuvimba kidogo, baadaye inakauka na kusinyaa, inabaki nafasi nyembamba kama unene wa karatasi kati ya mbao na zege. Mvua inaingia humo, haina pa kutokea. Ukiongeza zege, umeongeza ukubwa wa kikombe tu. Ndiyo maana nasema tusidanganyane, shida si uchache wa zege, shida ni maji kukosa njia.

Mara ya pili nilijenga mwenyewe na mdogo wangu. Naeleza nilivyofanya, kwa vipimo, ili ukitaka kupiga hesabu yako uwe na pa kuanzia.

Upande wangu una urefu wa futi 36, na nilitaka uzio wa futi 4 kwenda juu. Mbao nyingi madukani ni za futi 12, kwa hiyo niliacha namba hiyo iniongoze. Nguzo za inchi nne kwa nne nilikata katikati, kila moja futi 6. Futi 4 zinakaa juu, 2 ardhini. Nikaziweka kila baada ya futi 6, ukipima kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nyingine. Futi 36 zinataka nguzo 7, maana ile ya mwisho watu huwa wanaisahau. Mbao nne zikatosha, na nusu moja ikabaki.

Kwenye kununua nguzo kuwa makini. Usiamini rangi ya kijani peke yake, kuna mbao inapakwa rangi nje ndani ni nyeupe. Nilishauziwa hizo. Mwambie muuzaji akate kipande cha mwisho uone kijani kimeingia kiasi gani. Kikiishia juu juu kama ganda la yai, hiyo si nguzo ya kuzika. Na hata kwenye mbao nzuri mara nyingi moyo wa katikati haushiki dawa vizuri. Kwa hiyo ukikata nguzo vipande viwili, kila kipande kina ncha ya kiwandani na ncha uliyoikata wewe. Ya kiwandani ndiyo inakwenda ardhini. Uliyoikata inakaa juu, unaikata mshazari kidogo ili mvua iteleze, halafu unaipaka dawa ya mbao. Vipande vinavyobaki usipikie hata siku moja. Dawa nyingi za hizo mbao zina sumu na moshi wake ni mbaya.

Shimo nilichimba upana wa inchi 12, kina cha inchi 30. Chini nikaweka kokoto inchi 6, nikazishindilia kwa mtaimbo. Nguzo inasimama juu ya hizo kokoto moja kwa moja, hakuna zege chini yake. Hapa ndiyo siri yote ilipo. Maji yakiingia pembeni ya nguzo yanashuka, yanafika kwenye kokoto, yanaondoka ardhini. Kikombe umekitoboa kitako.

Baada ya hapo nguzo inanyooshwa kwa pima maji pande mbili zinazokutana, siyo upande mmoja, na unaifunga kwa vipande viwili vya mbao ili isicheze. Anza na nguzo za mwisho mbili, vuta uzi kati yake, zile za katikati zifuate uzi. Zege langu lilikuwa ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji kidogo. Likiwa la uji linateremka kwenye kokoto za chini na kuziba kile ulichokifungua. Mifuko miwili ya kilo 50 ilinitosha mashimo yote saba.

Juu usiishie usawa wa ardhi. Pandisha zege inchi mbili zaidi, halafu kwa mwiko lipe mteremko kutoka kwenye mbao kwenda nje, kama kofia. Udongo hautakiwi kugusa mbao kabisa. Lilipokaa wiki moja nikapita na lami ya kupaka kuziba ule mstari kati ya mbao na zege. Lami hii inapasuka na jua, kwa hiyo kila kabla ya masika nairudia. Ni kazi ya nusu saa.

Oili chafu ya gari je? Najua wengi wanaitumia kwa ajili ya mchwa. Mtazamo wangu ni kwamba inakaa juu tu, haiingii ndani ya mbao, na inachafua udongo ambao mimi naupandia. Sikuitumia.

Mbao za kulala ni mbili kwa nne, na kwa uzio wa futi 4 mistari miwili inatosha. Wa chini uko inchi 8 kutoka ardhini, wa juu inchi 8 kutoka kileleni. Ukienda futi 5 au 6 weka mistari mitatu, la sivyo vibao vinapinda katikati. Mbao hiyo isimame kwa ubavu, upana wa inchi nne uwe wima, kwa sababu ukiilaza inalegea na kujaa tumbo katikati. Na hapo ndipo faida ya futi 6 inaonekana. Mbao ya futi 12 inavuka nafasi mbili kamili bila kupoteza kipande. Wanaoweka nguzo kila futi 8 ili kubana hela wanaishia kuunga mbao hewani. Mbao 6 zilinitosha mistari yote miwili. Maungio yasiwe kwenye nguzo moja juu na chini. Mstari wa juu mimi niliuanza na nusu mbao ili maungio yapishane.

Vibao ni inchi moja kwa nne, nafasi ya inchi 2 kati yao. Usipime kila mara, shika kipande cha mbao cha inchi 2 ukiweke katikati, gonga, songa mbele. Kila kibao na nafasi yake ni inchi 6, kwa hiyo futi 36 zinakula vibao 72. Nilivikata inchi 46 ili vibaki inchi 2 juu ya ardhi, na mbao moja ya futi 12 inatoa vitatu. Mbao 24 basi. Mdogo wangu alitaka vishuke mpaka chini ati kifaranga asipite. Nikamwambia kifaranga apite tu, kibao kikigusa udongo kinanyonya maji kama utambi.

Kuna watu watasema zege lenyewe la nini, kokoto na udongo wa kushindilia zinatosha. Siwapingi sana. Kwa nguzo za katikati kwenye udongo mgumu inawezekana. Ila kwetu Kigamboni ni mchanga, nguzo inacheza, na ile ya geti inavutwa kila siku. Hiyo bila zege hapana. Na kama kwako ni udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, hii njia yangu ina mpaka wake, maana shimo la kokoto litageuka kisima. Hapo afadhali umwage zege peke yake, uchomekee kiatu cha chuma likiwa bichi, na nguzo uifunge kwa bolti juu ya ardhi bila kuizika.

Kama uzio wako tayari umejengwa, chukua bisibisi leo. Fukua udongo inchi tatu kandokando ya nguzo, choma mbao kwa kuikandamiza. Ikiingia juu juu tu, bado uko salama, ongeza kofia ya zege na lami. Ikizama nusu inchi au zaidi bila nguvu, nguzo hiyo huenda isimalize mvua zijazo, hata kama juu inang'aa rangi. Anza na zile zilizo karibu na bomba na pale unapomwagilia. Kwangu mbili za kwanza kuoza zilikuwa hapo hapo kwenye ndoo ya maji.