Sekunde Moja na Nusu Inayofutwa Ovyo

Miongoni mwa imani zinazoharibu kazi za vijana wanaorekodi vichekesho vya video katika Nyanda za Juu Kusini, hakuna iliyoota mizizi kama ile inayodai kwamba kila ukimya ni hasara, na kwamba video ya kuchekesha haina budi kwenda mbio tangu neno la kwanza hadi la mwisho ili mtazamaji asiikimbie. Imani hiyo husikika Mwanjelwa jijini Mbeya kama inavyosikika katika vibanda vya kuhariri picha mjini Iringa, na hivi karibuni imetamkwa tena mbele ya vijana wanaojifunza kazi hiyo, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kubishiwa, kwamba mhariri hodari ni yule anayefuta pumzi zote kati ya maneno. Kauli hiyo ni potofu, na inauma kwa sababu wanaoipokea ni vijana wenye vipaji ambao baadaye hushangaa kwa nini jambo lililowavunja mbavu kijiweni halimchekeshi mtu hata mmoja kwenye simu.

Kichekesho kifupi cha waigizaji wawili na mahali pamoja husimama juu ya sehemu tatu. Ya kwanza ni mtego, yaani maneno na vitendo vinavyomfanya mtazamaji atarajie jambo fulani. Ya pili ni kituo, yaani ukimya mfupi unaompa nafasi ya kulikamilisha tarajio hilo kichwani mwake. Na ya tatu ni pigo, yaani neno au tendo linalolivunja tarajio hilo ghafla. Anayefuta kituo hubaki na taarifa mbili zinazofuatana, kwa kuwa pigo linamkuta mtazamaji kabla hajatarajia chochote, na tarajio ambalo halijazaliwa haliwezi kuvunjwa.

Tuseme mahali ni kibanda kimoja cha makoti ya mitumba Mwanjelwa, katika baridi ya mwezi Julai, na waigizaji ni muuzaji na mteja. Muuzaji aonekane tangu sekunde ya kwanza akifikicha viganja na kujikunyata, ingawa asiseme lolote kuhusu hali yake, kwa maana jambo litakalotegemewa na pigo lazima mtazamaji awe ameliona mapema bila kuelekezwa kidole. Kwa sekunde kama 12 hivi anamsifia mteja koti, kwamba ni zito na baridi hailipenyi hata kidogo, na sifa mbili zinatosha, kwani ya tatu humchosha msikilizaji bila kumwongezea tarajio. Mteja, akiwa ameshaingiza mkono mmoja, anamtazama na kuuliza: “Sasa wewe mbona unatetemeka na makoti yote haya?” Hapo panafuata kituo cha takriban sekunde moja na nusu, ambamo muuzaji anayageukia makoti yaliyotundikwa, anarudisha macho kwa mteja, kisha anajibu kwa sauti ya chini: “Makoti haya mimi nayajua.”

Urefu wa kituo hicho haukubuniwa kwa matakwa ya mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha mazungumzo katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu kwa wastani hupita muda wa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, tofauti kati ya lugha na lugha zikiwa ndogo. Kwa hiyo jibu linapochelewa kwa sekunde nzima, sikio la msikilizaji hutambua kwamba kuna jambo, naye huanza kubahatisha mwenyewe: pengine muuzaji hana ruhusa ya kuvaa mali ya tajiri wake, pengine ni mgonjwa. “Nayajua” inamkuta akiwa na dhana hizo mkononi. Ikibanwa ikafuata swali papo hapo, kama wapenda mbio wanavyoagiza, inakuwa jibu la kawaida la mtu wa kawaida, na neno hilohilo lililoandikwa vizuri linakufa.

Mchekeshaji Mmarekani Jack Benny alithibitisha jambo hilo mwaka 1948, tena redioni, ambako hapakuwa na uso wa kutazamwa. Jambazi alimtaka achague kati ya pesa na uhai wake, naye, ambaye wasikilizaji walimjua kwa ubahili, akanyamaza kabisa. Kicheko kikaanza ndani ya ukimya wenyewe, hata kabla hajajibu kwamba bado anafikiri. Tanzania nayo haikukosa mwalimu. Mzee Majuto, yaani Amri Athumani aliyefariki Agosti 2018, alipoigiza na Sharo Milionea aliyemtangulia mwaka 2012, alimwacha kijana aseme na kujitapa, naye akamjibu kwanza kwa uso. Nani angethubutu kuufuta uso ule kwa kuwa haukuwa na maneno?

Watetezi wa mbio hudai kwamba ukimya humla mtazamaji bando. Hoja hiyo haistahili heshima inayopewa, kwani hao hao hufungua video zao kwa nembo inayozunguka kwa sekunde tano pamoja na ngoma ya kupasua masikio, kisha hubandika kicheko cha kurekodiwa kila baada ya sentensi. Wengine humtaka mwigizaji avute lafudhi ya Kinyakyusa au ya Kihehe, kana kwamba namna wazazi wa watu wanavyozungumza ni kichekesho tosha, na jambo hilo ni uvivu uliochanganyika na dharau. Bando la mtazamaji huliwa huko, wala haliliwi na sekunde moja na nusu ya muuzaji anayeyatazama makoti yake.

Ni kweli kwamba upo ukimya uliokufa, nao hutambulika kwa urahisi: video ikichezwa bila sauti, macho ya mwigizaji huonekana hayafanyi kazi yoyote, kwa sababu anangoja zamu yake badala ya kufikiri. Dawa yake ni kumpa tendo la macho, na kituo kisivutwe hadi sekunde tatu, kwani hapo mtazamaji hudhani picha imekwama. Kwa wanaotumia simu moja, tukio lirekodiwe mara mbili, mara moja simu ikimwelekea muuzaji na mara nyingine mteja, na baada ya swali waigizaji wanyamaze kwa sekunde tatu kamili, maana mhariri anaweza kupunguza ukimya uliorekodiwa lakini hawezi kuurudisha ambao haukuwepo. Irekodiwe pia nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe, pamoja na bajaji na kelele za soko, ilazwe chini ya vipande vyote; bila hiyo kila mkato husikika, na sikio linaloshtushwa na mkato halikamati pigo.

Neno linalobeba pigo sharti liwe la mwisho. “Nayajua makoti haya” hulegea, kwa kuwa baada ya siri kufichuka bado kuna maneno mawili ya kusikiliza. Likishatamkwa, uso wa mteja, mkono mmoja ukiwa ndani ya koti, ushikiliwe kwa sekunde moja hivi, kisha picha ikatwe kabla hajafungua kinywa. Waigizaji wengi hushindwa kujizuia hapo, mteja akapaza sauti, “Kumbe ni mabovu!”, akamfafanulia mtazamaji jambo alilokwisha kulielewa na kumnyang’anya furaha ya kulielewa mwenyewe. Ikiwa mhariri ana hamu kubwa ya kufuta, na aifute sentensi hiyo.