Msahihishaji Hakuoni Usoni

Kuna kauli moja inanichosha kwenye vijiwe vyetu vya fasihi: eti mwandiko si kitu, kitu ni mawazo. Wanaoisema hutaja waandishi wakubwa ambao rasimu zao hazisomeki. Sawa, lakini mwandishi ana mpiga chapa na ana mhariri wa kumpigia simu aulize, "Hapa ulimaanisha nini?" Mtahiniwa wa kidato cha nne hana hata mmoja kati ya hao. Ana karatasi tu, itakayosomwa na mtu asiyemjua, mwenye rundo la karatasi nyingine mbele yake.

Julai iliyopita nilikuwa nyumbani Karatu, ile baridi ya asubuhi inayoshuka na ukungu kutoka Ngorongoro mpaka vidole vinakataa kushika kalamu. Binti wa dada yangu akaniletea mtihani wa majaribio wa Kiswahili. Insha ya fasihi, alama 6 kati ya 20. Pembeni, kwa wino mwekundu, maneno mawili: "Mwandiko mbaya."

Nikamwambia, "Hebu nisomee kwa sauti."

"Mjomba, hata mimi sehemu nyingine sizioni."

Alisoma hivyo hivyo, akikwama. Nilihesabu hoja nne, kila moja na mfano wake kutoka kwenye kitabu. Aliyesahihisha alikuwa ameweka vyema kwenye mbili. Hizo nyingine zilikwenda wapi?

Ya tatu ilikuwa imebanwa ndani ya aya ya pili, bila nafasi. Msahihishaji hufuata mwongozo, anatafuta hoja moja moja. Akishaweka vyema kwenye aya, jicho lake linakwenda aya inayofuata. Mstari mmoja mtupu kati ya aya na aya ungetosha kumwonyesha kwamba hapa pameanza jambo jipya.

Ya nne iliuawa na masahihisho. Binti aliona kakosea, akasugua sentensi nzima kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka, akaandika mpya juu yake kwa herufi ndogo, kisha akachora mshale kwenda chini ya ukurasa. Nani atafuata mshale huo? Kosa hukatwa kwa mstari mmoja katikati ya neno, na neno sahihi huandikwa mbele yake, si juu. Aya nzima ikiharibika, iandikwe upya kwanza, ndipo ile ya zamani ikatwe kwa mstari mmoja wa mshazari. Ukikata kwanza na muda ukaisha, umebaki mikono mitupu.

Halafu kuna hili ambalo Kiswahili hakikusamehe. Kitenzi chetu kinaweza kubeba mtenda katika herufi moja tu. Binti huyu hafungi "a" yake juu, kwa hiyo "amemsaliti" inasomeka "umemsaliti". Mhusika anageuka kuwa msomaji! Mkato wa "t" anausahau, "mtoto" anakuwa "mloto". Huku kwetu watoto wengi wameanza kusema Kiiraqw au Kimaasai kabla ya Kiswahili. Msahihishaji akiona "umemsaliti", hasemi herufi haikufungwa. Anasema mtoto hajui sarufi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: mwandiko unahesabiwa kuwa ujinga wa lugha.

Na tusiwalaumu watoto peke yao. Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba umejibiwa zaidi kwa kusiliba vitufe. Unamlea mtoto kwa kusiliba, kisha sekondari unamdai kurasa za insha, unashangaa nini?

Wapo watakaosema mwandiko safi unachelewesha. Ukitaka herufi za urembo, kweli utachelewa. Mimi sidai urembo. Nilimpa karatasi jirani asiyejua swali, nikamwomba asome kwa sauti, na kila alipositasita nikaweka nukta. Nukta karibu zote ziliangukia herufi mbili, "a" na "t". Basi ndizo alizofanyia mazoezi likizo nzima, hizo tu.

Mwandiko haumpi alama mtu asiye na hoja, na sijasema hivyo. Ila mwenye hoja nne asilipwe mbili. Walimu wangu, "mwandiko mbaya" ni malalamiko, si sahihisho. Andikeni: "Funga a. Ruka mstari. Usisugue." Hayo mtoto anaweza kuyatenda kesho asubuhi, hata kwa vidole vyenye baridi.