Kiberiti Si Hakimu wa Asali

Mnunuzi huchovya njiti ya kiberiti katika asali ya Mbangala, kisha huiwasha. Ikiwaka, asali ni safi. Isipowaka, mwenye mali ni mlaghai. Hukumu hiyo hatuikubali.

Njiti huonyesha maji tu. Mrinaji aliyewahi kurina, kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta, aweza kupata asali yenye maji zaidi ya asilimia 20. Njiti yake itagoma, ingawa hakutia kitu. Laghai aliyechemsha sukari hadi ikawa nzito atawasha yake bila taabu. Iodini nayo hugeuka buluu ikikuta wanga wa unga, lakini sukari haiioni.

Ushahidi umo katika kaboni. Sukari ya miwa ina kaboni 13 nyingi kidogo kuliko utamu wa maua ya miombo, na mashine ya maabara hupima tofauti hiyo. Protini ya asali hutoka kwa nyuki na chavua, kwa hiyo sukari ya dukani haiibadilishi. Tuseme protini imesoma −25, asali nzima −22, na sukari ya miwa ni karibu −10. Asali imesogea hatua 3 katika 15: sehemu moja ya tano ya dumu hilo ni sukari. (Sukari ya viazisukari vya Ulaya huponyoka hapa, yetu ni ya miwa.)

Shirika la Viwango, lililokabidhiwa udhibiti wa chakula mwaka 2019, lipelekewe sampuli iliyofungwa kwa lakiri mbele ya mwenyewe, kabla dumu lolote halijamwagwa.